Hamjambo ya mtu mmoja: kisa cha hadithi ya lifti iliyoandikwa mara nne

Usuli

Tuko watu saba. Tunakutana Jumamosi jioni hapa Kisumu kwa chumba tumeazimwa, kila mtu anasoma chake kwa sauti na wengine wanasikiza mpaka mwisho bila kukatiza. Mwandishi wa hii hadithi ni dada mmoja karani, amenikubalia niandike kuhusu kazi yake, na yale yangeweza kumtambulisha nimeyatoa ama nimeyabadilisha.

Zoezi nililowapa mwezi wa nne lilikuwa rahisi kulisema. Watu wawili hawajuani, wamekwama ndani ya lifti, na kitu cha kwanza kati yao kiwe salamu peke yake. Kabla ya hiyo salamu msomaji asiambiwe chochote kuhusu hao watu, si majina, si kazi, si wanaenda wapi. Kila kitu kitoke baada ya hapo.

Sikuwa nimefikiria venye hilo zoezi ni gumu kwa Kiswahili, juu kuna lugha mtu anaweza kusema neno moja la salamu na hilo neno lisimwambie mtu kitu, lakini kwetu salamu tayari ni habari. Ukisema "sasa" umeshasema umri wako, ama umri unaoutaka. Ukisema "shikamoo" hapa Kisumu watu watadhani umetoka Pwani ama Tanzania, juu huku haisikiki sana. Ukisema "oyawore" umeamua huyo mtu ni Mjaluo, ukisema "mulembe" umeamua ni Mluhya, na unaweza kukosea. Ndiyo maana kwa jengo la ofisi mjini wageni huanza na Kiswahili, ni mahali pa kusimama kabla hujajua huyu ni wa wapi.

Drafti ya kwanza

Ilikuwa ndefu, karibu maneno 3,400. Msichana anaingia kwa lifti, ndani kuna mzee, stima inapotea kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Mwanzo ulikuwa hivi:

"Habari," alisema mzee.

"Mzuri," alijibu msichana.

Baada ya hapo mzee anaeleza venye alifiwa na mke wake, msichana anaeleza venye aliachwa na mchumba wake wiki mbili kabla ya harusi, wote wanalia, halafu mzee anapanua milango na mwavuli wake na wanaruka chini hadi ghorofa ya tatu. Mwisho wanapeana namba za simu.

Alipomaliza kusoma tulinyamaza. Mmoja wetu, jamaa wa bodaboda ambaye anaandika mashairi mazuri sana, akasema tu: "Mimi nimebeba watu wengi wenye matanga, hakuna mwenye ameniambia kabla tufike Kondele." Hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe. Zoezi lilimpa salamu tu kama mlango, yeye akapita hapo mbio bila kuufunga. Ile "habari" na "mzuri" ingesemwa na mtu yeyote kwa mtu yeyote, haikufanya kazi, na kwa sababu haikufanya kazi ilibidi mazungumzo yabebe kila kitu mara moja. Watu wakikwama mahali hawafunguki hivyo. Wanaangalia simu, wanabonyeza kifungo kile kile mara sita, wanasema "stima ya Kisumu bwana" kisha wananyamaza tena.

Uamuzi wa kwanza: salamu gani, na nani anaanza

Nilimwambia aache hadithi yote, afanyie kazi mistari miwili tu. Alirudi baada ya wiki mbili na majaribio kama tisa hivi. Kwa moja mzee alisema "sasa?" na sisi wote tukashtuka, juu mzee wa miaka sabini kumwambia msichana "sasa" ndani ya chumba kidogo kilichofungwa inaleta woga ambao hakuutaka. Kwa nyingine msichana ndiye alianza na mzee akakosa kujibu, hiyo ilikuwa na nguvu lakini ilimfanya mzee mkali na hadithi ikageuka.

Halafu akasoma hii:

"Hamjambo," mzee alisema.

Aligeuka kuangalia nyuma yake. Hakukuwa na mtu, ni ukuta wa chuma tu.

"Hatujambo," alijibu, na lilikuwa limeshatoka kabla hajajua.

Chumba chote kiliinuka. Kila mtu hapo alikaa miaka nane ya shule ya msingi akisimama kila mwalimu akiingia, na kwa mstari mmoja mzee amekuwa mwalimu wa siku nyingi ambaye mdomo wake umezoea kuamkia darasa, na msichana amekuwa mwanafunzi tena, na hakuna aliyesema hivyo. Mwandishi aliniambia baadaye hakupanga. Alikuwa anajaribu salamu moja baada ya nyingine kwa sauti akipika, na "hamjambo" ilipotoka mdomo wake wenyewe ukajibu "hatujambo" kwa wingi, peke yake jikoni.

Tulibishana kama aongeze "mwalimu" mwishoni mwa jibu. Mimi nilitaka iongezwe, yeye akakataa. Akasema akiiongeza atakuwa amemjibia msomaji, na nikaacha.

Uamuzi wa pili: lifti yenyewe

Drafti ya pili ilikuwa na mwanzo huo mzuri lakini bado kulikuwa na ile milango ya mwavuli na kuruka. Pia lifti ilikuwa inashuka kidogo kidogo kwa kishindo, na hewa ilikuwa inaisha. Mmoja wetu ana ndugu fundi wa lifti, tukamwomba aje Jumamosi moja. Alisikiza hadithi yote kwa heshima halafu akaitenganisha pole pole, na nataka nieleze vizuri alichosema juu kilibadilisha hadithi kuliko ushauri wowote wangu.

Kwanza, breki ya lifti ya kamba haisukumwi na stima, inashikiliwa wazi na stima. Springi ndizo zinabana. Kwa hivyo stima ikipotea breki inafunga yenyewe na lifti inasimama hapo ilipo. Inakaa kimya, haitetemeki ikishuka. Kamba za chuma ni kadhaa, si moja, na chini kuna kifaa kingine kinachouma reli kama lifti ikizidi spidi. Hewa pia haiishi, kile chumba kina matundu na nafasi pembeni ya mlango. Kinachokuja ni joto, na jasho, na mtu kudhani hewa imeisha.

Pili, hatari ya kweli iko pale pale mwandishi wetu alikuwa ameweka ushujaa. Lifti ikikwama kati ya ghorofa mbili na mtu apanue mlango aruke chini kwa sakafu ya korido, chini ya lifti panabaki uwazi wa shimo. Mtu akitua akateleza kurudi nyuma anaingia huko. Hiyo ndiyo huua watu, akasema, si lifti kuanguka. Ndani ya lifti ndipo pako salama.

Tatu ndiyo ilinifurahisha zaidi. Upande wa pili wa kamba kunaning'inia uzito wa chuma, na huo uzito umepimwa uwe sawa na chumba cha lifti pamoja na karibu nusu ya mzigo wake. Hesabu ikawa hivi. Lifti ya hadithi ni ya watu 8, kilo 630, kwa hivyo nusu ni kama kilo 315. Ndani kuna watu wawili tu, tuseme kilo 140 pamoja na mizigo. Uzito wa upande ule unawashinda kwa karibu kilo 175. Fundi akienda chumba cha mashine juu ya jengo akaachilia breki kwa mkono, kidogo kidogo, lifti haishuki. Inapanda. Watu wawili kwa lifti ya watu nane watatolewa ghorofa ya juu yao.

Mwandishi alikuwa anaandika tu. Hadithi yake ilikuwa inaishia ghorofa ya tatu, kurudi chini. Sasa itabidi iishie ya nne, na ofisi ambayo mzee alikuwa anaenda iko ya tano.

Uamuzi wa tatu: wakati upimwe na nini

Kwenye drafti za mwanzo wakati ulipita kwa "baada ya dakika ishirini" na "nusu saa ikaisha". Tukamuuliza, ndani ya lifti yenye giza mtu anajuaje muda? Simu ya msichana ilikuwa imezima, hiyo ilikuwepo tangu mwanzo. Akampa mzee kikapu cha ngege, samaki watatu wamelazwa na barafu. Barafu inayeyuka, kikapu kinavuja, maji yanatambaa kwa sakafu. Mara ya kwanza yanapofika karibu msichana anavuta viatu, ni viatu vya ofisi, vya ngozi. Mara ya pili anavuta tena na kusogea kona. Mara ya tatu yanafika na haondoi mguu.

Hakuna mahali pameandikwa ni dakika ngapi. Harufu pia inafanya kazi yake, juu samaki mbichi kwa chumba kama hicho hamwezi mkajifanya hamjaisikia, lazima mmoja aseme kitu, na mzee akasema "nisamehe, ni zawadi ya mtu". Huo ndio mstari wa kwanza wa maana baada ya salamu, na uko karibu ukurasa mzima mbele. Kati yake na salamu ni vifungo kubonyezwa, kengele kulia huko nje, mtu kupiga kelele ngazini kwamba fundi ameitwa.

Uamuzi wa nne: faili

Zawadi ya nani? Mwandishi aliifuata hiyo sentensi na hapo ndipo hadithi ikapata uti wa mgongo. Samaki ni wa mtu ofisini ghorofa ya tano, mahali mzee amefuatilia faili ya shamba la marehemu kaka yake mara nyingi na kila mara anaambiwa arudi. Na msichana anafanya kazi ofisi hiyo hiyo. Anaijua hiyo faili. Iko chini ya sinia ya chai, imekaa hapo tangu mvua zianze, na hakuna aliyeigusa.

Mzee hajui. Msomaji anajua. Hii ndiyo ikafanya kunyamaza kwa msichana kuwe na uzito.

Kwenye drafti ya tatu alimfanya msichana akiri, ukurasa mzima wa kuomba msamaha, ile drafti ya kwanza ikawa imerudi na mlango mwingine. Tulibishana jioni nzima. Wengine waliona asipokiri ni mwovu. Mwandishi akaenda akarudi na kitu kidogo sana: msichana anauliza, "Walikupa namba ya faili?" Mzee anaitaja yote kwa kichwa, pole pole, kama mtu anayesomea darasa imla. Msichana anamalizia tarakimu mbili za mwisho kimoyomoyo kabla yake. Basi. Maji ni hapo ndipo yanafika kwa kiatu mara ya tatu.

Kuna pahali pengine nitataja haraka. Lifti inaposhtuka kuanza kupanda, mzee anasema "nyara, keti chini". Nyara ni "binti yangu" kwa Kijaluo. Msichana ni wa Vihiga, lakini anakaa. Tulikubaliana isitafsiriwe, juu kwa woga mtu hurudi lugha ya nyumbani na mwenye kusikia anaelewa kutoka kwa sauti.

Matokeo

Drafti ya nne ilikuwa na maneno kama 1,900. Na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu alikiona kikija. Yule fundi alikuwa ametuambia kwamba kitu cha kwanza wanafanya wakifika, kabla hata ya kwenda chumba cha mashine, ni kuita kwa mlango, kuuliza wako wangapi na kama kuna aliyeumia, na kuwaambia wakae mbali na mlango. Mwandishi akaliweka hivyo:

Sauti ilikuja kutoka juu, ya kijana.

"Hamjambo huko ndani?"

Walijibu pamoja.

"Hatujambo."

Ni salamu ile ile. Mara ya kwanza ilikuwa kosa, wingi kwa mtu mmoja. Sasa wako wawili na imekuwa sahihi, na ni kweli hakuna kilichobadilika isipokuwa wao. Alipoisoma hiyo sehemu alisoma bila kuipandishia sauti, na jamaa wa bodaboda akaweka mikono usoni.

Mwisho wenyewe: lifti inapanda pole pole hadi ya nne, mlango unafunguliwa, mzee anatoka kwanza. Anainama kuchukua kikapu na anakuta msichana ameshakishika. Msichana anatangulia ngazini kwenda ya tano, kiatu kimoja kinalia maji kila hatua. Hapo inaisha.

Ilisomwa mbele ya watu jioni moja, kama thelathini hivi. Baadaye mama mmoja mzee alimfuata mwandishi hadi nje kumuuliza kama ile faili ilitolewa chini ya sinia. Alimuuliza kama mtu anayemuuliza jirani.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kukataa kuendelea mpaka mistari miwili ya kwanza ifanye kazi. Tungemwacha arekebishe hadithi nzima pamoja tungepata drafti ya kwanza iliyosafishwa. Salamu ilipopatikana ilimwambia mzee ni nani, na mzee alipojulikana kikapu na faili vilijileta vyenyewe. Ukitaka kujaribu hili, andika salamu kumi za watu wako wawili bila kitu kingine, zisome kwa sauti kwa mtu asiyejua hadithi, umuulize hawa ni watu gani. Kama atasema "watu tu", salamu hiyo bado.

Ukweli wa lifti ulisaidia kwa njia ambayo sikuitarajia. Nilimwita fundi kurekebisha makosa, nikidhani ataondoa vitu. Aliondoa hofu za uongo kweli, kuanguka na hewa kuisha, lakini kwa kuziondoa alibakisha joto na kungoja, na watu wawili wanaojua wako salama wana nafasi ya kuongea kuliko watu wanaodhani wanakufa. Na ile hesabu ya kilo ndiyo ilimpeleka msichana juu badala ya chini. Angetolewa ya tatu angeweza kwenda zake nyumbani. Ya nne iko hatua chache kutoka kwa faili.

Yaliyokataa ni mawili. La kwanza, kwa wale thelathini, wachache walidhani mzee ni mhubiri na mmoja alidhani ni chifu. "Hamjambo" ya mtu mmoja inategemea msomaji awe alisimama darasani. Mtu aliyesoma shule ambayo kila kitu kilikuwa Kiingereza anaisikia kama adabu ya kizamani tu. Ile imla ya namba inasaidia kidogo, lakini inakuja imechelewa. Hapa bado nadhani neno "mwalimu" lingeweza kuwekwa mahali fulani katikati, kwa kinywa cha fundi labda ambaye huenda alifundishwa naye, ingawa najua mwandishi atasema hiyo ni bahati nzuri kupita kiasi na pengine ana haki.

La pili ni kosa langu la kuongoza. Drafti ya tatu, ile ya kukiri, ilitoka kwangu. Nilimuuliza mbele ya wote, "sasa huyu msichana anasikia vipi?" na yeye akaandika jibu la swali langu badala ya hadithi. Nilipaswa kumuuliza msichana anafanya nini na mikono yake, ama anaangalia wapi. Ilimchukua wiki tatu kutoka huko, na nilimwona amechoka.

Wiki iliyopita alinipigia kuhusu kiatu. Anataka kujua kama msichana, akiwa ngazini, avue viatu vyote viwili ama abaki na hicho kimoja chenye maji, juu akivua, mzee anayemfuata nyuma atasikia ngazi imenyamaza.